Kapsheni ya grafu yangu imerudishwa: msomaji aielewe vipi bila kufungua ukurasa wa 47?

BintiKayenze
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuandika tasnifu na ripoti za utafiti.

Nilifanya utafiti wa kukausha dagaa kwenye mwalo mmoja upande wa Kayenze, Mwanza. Nililinganisha njia mbili, kuanika chini mchangani na kuanika juu ya vichanja vya nyavu. Kila siku dagaa walikuwa wa usiku mmoja na mtumbwi mmoja, nikawagawa mafungu mawili. Tulikuwa tunaanika saa 3 asubuhi, kisha kila baada ya saa mbili nachukua konzi 5 kila upande kwa ajili ya kupima unyevu kwenye oveni, mpaka saa 11 jioni. Nilipata siku 4 tu, kwa sababu mbalamwezi ilianza na wavuvi wakapumzika.

Grafu yangu ina mistari miwili inayoshuka, kuanzia saa ya 0, ya 2, ya 4 mpaka saa ya 8, na kila nukta ina vijiti vya juu na chini. Chini yake niliandika hivi:

"Kielelezo 4.3: Grafu ya unyevu dhidi ya muda."

Mtahini ameirudisha na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Haijitegemei. Rekebisha." Msimamizi wangu anasema maelezo yote yapo kwenye ukurasa wa 47 kwa hiyo nisihangaike. Mimi nimekwama katikati yao. Mlio na uzoefu, kapsheni inatakiwa kubeba nini na kuacha nini? Tasnifu ni ya Kiingereza, ila hapa naweka kwa Kiswahili, na muhtasari wake nitaupeleka mwaloni kwa Kiswahili pia. Namba nitakazoweka hapa nimezibadili kidogo kwa kuwa data bado haijachapishwa.

Steshenari_Nyegezi
Dada, hiyo ni rahisi. Kwenye Word nenda References halafu Insert Caption, itajipa namba yenyewe, kisha Insert Table of Figures. Wanafunzi wengi wanaokuja kuprinti kwangu wanaandika kwa mkono, ndiyo maana zinarudishwa. Ukishaongeza picha moja katikati, namba zote zinavurugika.

BintiKayenze
Asante kaka, hilo nimeshafanya, namba ziko sawa. Tatizo langu ni maneno yenyewe.

Kijana_wa_Data
Kapsheni iwe fupi, mstari mmoja. Maelezo marefu yanakaa kwenye matini, huko ndiko msomaji anakoyatafuta. Kosa lako mimi naliona sehemu nyingine: umeandika "grafu ya unyevu dhidi ya muda", na hayo tayari yameandikwa kwenye mihimili ya grafu. Umerudia kitu ambacho jicho limeshakiona. Andika jibu la utafiti: "Dagaa hukauka haraka zaidi kwenye vichanja kuliko mchangani." Nukta. Umemaliza.

Mzee_wa_Biometria
Kijana yuko sawa kwenye kurudia mihimili, na hilo nalisisitiza. Maneno "Grafu ya" nayo yafutwe, kila mtu anaona kuwa ni grafu. Ila kwenye mstari mmoja simfuati.

Binti yangu, nimesahihisha tasnifu kwa miaka mingi, na nikwambie tunavyozisoma. Hatuanzi ukurasa wa 1. Tunasoma ikisiri, tunaruka kwenye grafu na majedwali, halafu tukiona jambo la kutia shaka ndipo tunarudi kwenye matini. Wanaokuja baada yetu ni hivyohivyo, mtu atapiga picha grafu yako moja aiweke kwenye slaidi zake, na ukurasa wa 47 hautasafiri nayo.

Nikuulize maswali ambayo grafu yako hainijibu. Ulipopima unyevu, asilimia hiyo ni ya nini? Vile vijiti vya juu na chini ya kila nukta ni vya nini? Kila nukta imetokana na vipimo vingapi, na vipimo vya nini hasa? Jibu hapa hapa, tusiandike kapsheni kwanza.

BintiKayenze
Shikamoo Mzee. Nashukuru sana.

Asilimia ni uzito wa maji. Napima konzi ikiwa mbichi, naiweka kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike tena, napima tena. Mwanzo inatoka kama 76%.

Vijiti ni vya makosa, programu iliviweka yenyewe. Kila nukta ina n = 20, yaani konzi 5 mara siku 4.

Mzee_wa_Biometria
Marahaba. Twende moja moja, maana hayo majibu matatu yote yana kitu ndani.

Kwanza asilimia. Tuseme konzi yako ilikuwa gramu 100, baada ya oveni ikabaki gramu 24. Maji yalikuwa gramu 76. Ukigawa kwa uzito wa mwanzo unapata 76%. Lakini wapo wanaogawa kwa uzito mkavu, hasa watu wa uhandisi wa kukausha mazao, na kwao konzi hiyohiyo ina unyevu wa 317%. Kwa 76 hakuna atakayechanganya, kwa sababu 76 ya kugawa kwa uzito mkavu angekuwa dagaa aliyekwishakauka nusu. Hatari iko mwisho wa grafu. Dagaa wa 18% kwa hesabu yako ni 22% kwa hesabu ya wale wengine. Namba zote mbili zinaonekana za kawaida, na mtu anaweza kulinganisha dagaa wako na wa kwake akakosea bila kujua. Maneno manne yanatosha kumaliza jambo: "asilimia ya uzito mbichi".

Vijiti: programu haiwezi kukuwekea "makosa" tu. Imechagua kitu kimoja kati ya kadhaa, kama SD yaani mkengeuko sanifu, SE yaani kosa sanifu, au eneo la uhakika la 95%, na vinatofautiana sana. Angalia mipangilio uniambie.

Na n nitaiacha kwa sasa. Hebu niwekee wastani wa kila siku kwenye saa ya 4, upande wa vichanja.

Kijana_wa_Data
Tumia SE mkuu, vijiti vinakuwa vifupi, grafu inapendeza na tofauti inaonekana wazi.

Mzee_wa_Biometria
Kijana, SE ni halali kabisa, lakini sababu yako siyo. SD inamwonyesha msomaji siku zilivyotofautiana zenyewe kwa zenyewe. SE inamwonyesha wastani wako unaweza kuwa umeyumba kiasi gani. Msomaji ambaye hajaambiwa ni ipi atachukua ile aliyozoea yeye. Nimeona watu wazima wakibishana nusu saa kwenye semina, kumbe mmoja alikuwa anasoma kijiti kama SD na mwenzake kama eneo la uhakika la 95%.

MamaDagaa_Kirumba
Habari zenu wanangu. Mimi si msomi wa chuo, nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ila hili limenigusa. Mwaka fulani tuliletewa karatasi yenye grafu ikabandikwa ukutani, ya mambo hayahaya ya kukausha. Tulisimama pale tukaangalia. Mmoja akasema mstari unaoshuka ni hasara, maana kwenye biashara mstari ukishuka ni hasara. Aliyeileta alishaondoka.

Halafu kuna jambo nimeliona kwako binti. Unasema "saa ya 4", "saa ya 8". Mimi nikisoma saa 8 kwenye karatasi naelewa saa nane mchana. Wewe unasema mlimaliza saa 11 jioni. Sasa saa 8 yako ni ipi?

BintiKayenze
Mama shikamoo. Umenishtua. Mhimili wangu wa chini umeandikwa "Muda (saa)" na namba 0, 2, 4, 6, 8. Ya 8 ni baada ya saa nane kupita tangu tuanike, yaani saa 11 jioni. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu wa hapa ataisoma kama saa ya ukutani.

Mzee_wa_Biometria
Mama yetu ameona kitu ambacho mimi nimekipita, na nimekaa na hizo namba tangu jana. Kwenye Kiingereza lisingetokea. Kwenye Kiswahili lazima kapsheni iseme "saa zilizopita tangu kuanikwa saa 3 asubuhi". Na kuhusu mstari unaoshuka, unaweza kusema ndani ya kapsheni kwamba unyevu wa chini maana yake ni dagaa mkavu zaidi. Kwa mtahini ni maneno ya ziada, kwa ukuta wa mwaloni ndiyo kapsheni yenyewe. Andika mbili tofauti, hakuna dhambi.

MamaDagaa_Kirumba
Marahaba binti. Sisi asilimia hatuna. Tunamkunja dagaa, akivunjika kwa mlio amekauka, akikunjika kama uzi bado. Ungetuambia anavunjika kwenye asilimia ngapi yako, tungeelewa wote.

Fundi_Maabara_Nansio
Naingilia kidogo, mimi ni wa majedwali. Nipo maabara huku Ukerewe, tunapima kichocho cha tumbo kwa njia ya Kato-Katz, yaani kuhesabu mayai ya minyoo kwenye slaidi ya kinyesi. Niliwahi kupewa jedwali la kijiji lenye visanduku vingine vina 0, vingine vina kistari, vingine viko wazi. Hakuna maelezo chini. Nikaambiwa nijumlishe. Kistari kilikuwa mtu hakuleta sampuli, au alileta hatukuona yai? Mpaka leo sijui, na hesabu nilifanya kwa kubuni.

Hata 0 yenyewe ina maneno yake. Kile kitundu cha kiolezo kinabeba miligramu 41.7 za kinyesi, ndiyo maana tunazidisha mayai mara 24 kupata idadi kwa gramu. Kwa slaidi moja, kiasi kidogo kabisa unachoweza kukiandika ni 24. Chini ya hapo unaandika 0, na mtu anaweza kuwa na mayai. Kwa hiyo chini ya jedwali lazima iandikwe slaidi zilikuwa ngapi kwa kila mtu, 0 maana yake nini na kistari maana yake nini. Je, hayo yakae kwenye kichwa cha jedwali juu au chini?

Mzee_wa_Biometria
Fundi, desturi iliyoenea ni kichwa juu ya jedwali, tanbihi chini yake. Juu weka kitu gani kimepimwa, kwa nani na wapi. Vipimo kama "mayai kwa gramu" viingie kwenye kichwa cha safu, visirudiwe kila kisanduku. Chini weka maana ya alama. Kisanduku kitupu kisiwepo kabisa, kwa sababu msomaji hawezi kujua kama ni matokeo au ni usahaulifu.

BintiKayenze
Mzee, nimerudi na majibu. Programu ilikuwa imeweka SE. Na hizi ndizo wastani za kila siku, vichanja, baada ya saa 4 tangu kuanika:

Siku ya 1: 44
Siku ya 2: 46
Siku ya 3: 45
Siku ya 4: 57

Wastani 48. Siku ya nne kulikuwa na wingu zito tangu asubuhi.

Mzee_wa_Biometria
Vizuri sana. Sasa sikiliza kuhusu n.

Konzi 5 za kichanja kimoja siku moja zimekaa kwenye jua moja, upepo mmoja na wingu moja. Zitafanana kama watoto wa tumbo moja. Ukichukua konzi 50 badala ya 5, bado umeiona siku moja tu. Ulichorudia kwa kweli ni siku, na siku ni 4.

Ona hesabu inavyobadilika. Mkengeuko sanifu wa hizo namba nne ni karibu 6. SE ni SD iliyogawanywa kwa kipeuo cha pili cha n. Ukiamini n ni 20, unagawa kwa 4.5 na kijiti chako kinakuwa kama 1.3. Ukikubali kwamba n ni 4, unagawa kwa 2 na kinakuwa 3. Konzi zako 20 zikiingia moja kwa moja SD itasogea kidogo, lakini picha ni hiyohiyo: umejipa uhakika mara mbili na zaidi ya ulionao. Kapsheni inayosema "n = 20" bila kusema ishirini ya nini inaficha hilo kabisa. Ikisema "siku 4, konzi 5 kila siku", mtahini anaona mwenyewe.

Kijana_wa_Data
Sawa, hapo nimeelewa. Basi aweke eneo la uhakika la 95%, anazidisha SE mara mbili anapata 6.

Mzee_wa_Biometria
Mara mbili ni kwa sampuli kubwa. Kwa n ya 4 unazidisha kwa 3.18, unapata karibu 9.5. Kwa n ya 3 ni 4.30.

BintiKayenze
Nimejaribu kuandika upya. Naomba mnikosoe bila huruma.

"Kielelezo 4.3. Unyevu wa dagaa walioanikwa kwenye vichanja (duara jeusi) na mchangani (pembetatu nyeupe) katika mwalo mmoja wa Kayenze, Mwanza. Mhimili wa chini ni saa zilizopita tangu kuanikwa saa 3 asubuhi. Unyevu ni asilimia ya uzito mbichi, uliopimwa kwa oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Kila nukta ni wastani wa siku 4, na thamani ya kila siku ni wastani wa konzi 5. Vijiti ni SD kati ya siku."

Mwanzoni nilikuwa naandika "mstari mwekundu na wa bluu", nikakumbuka nakala za maktaba zinatolewa fotokopi nyeusi, nikabadili alama.

Ila nikiandika "siku 4" nafsi imenisuta. Siku ya nne mvua ilikuja saa 8 mchana, tukafunika kwa turubai, sikupima tena. Kwa hiyo nukta za saa 6 na saa 8 tangu kuanika zina siku 3 tu.

Mzee_wa_Biometria
Ahsante kwa kusema. Kapsheni imeanza kufanya kazi yake kabla haijachapwa. Niwekee saa ya 6 pia.

BintiKayenze
Vichanja, saa 6 tangu kuanika: 28, 31, 31. Wastani 30.

Mzee_wa_Biometria
Tazama mstari wako sasa. Kutoka saa ya 4 kwenda ya 6 unashuka kutoka 48 hadi 30, pointi 18. Lakini ile 48 ina siku ya wingu ndani yake, na ile 30 haina. Ukichukua siku tatu zilezile pande zote mbili, saa ya 4 ni 45, kisha 30. Zimeshuka pointi 15. Pointi 3 za ziada hazikutoka kwa dagaa yeyote kukauka, zimetoka kwa siku moja kuondoka kwenye hesabu. Mchangani itakuwa vilevile. Je, kwenye ukurasa wa 47 umeandika kwamba ukaushaji uliongezeka kasi mchana?

BintiKayenze
Nimeandika. Aya nzima. Nikaeleza ni kwa sababu ya jua la mchana na upepo wa ziwani.

Kijana_wa_Data
Dah. Pole dada. Suluhisho la tatizo lako ni rahisi, toa siku ya nne kabisa, ubaki na siku 3 safi.

Fundi_Maabara_Nansio
Kutoa siku kwa sababu ilinyesha sikubaliani. Mvua ni sehemu ya Mwanza. Mimi ningeacha nukta zote na kuandika "siku 4 hadi saa ya 4, siku 3 baada ya hapo, kwa kuwa mvua ilikatiza". Msomaji ajihukumie.

Mzee_wa_Biometria
Kuandika hivyo ni kusema kweli, fundi, lakini mstari bado utamdanganya anayeangalia kwa jicho. Kapsheni haina uwezo wa kuinyoosha grafu iliyopinda. Kwa siku nne, mimi ningechora siku zenyewe, mistari minne myembamba kila upande, na ule wa siku ya mvua ukatike pale ulipokatika. Hapo vijiti havihitajiki kabisa, na kapsheni inakuwa fupi kuliko hii.

Kijana_wa_Data
Na sentensi ya kwanza? Bado nasema iwe tokeo, "dagaa hukauka haraka zaidi kwenye vichanja". Majarida mengi ya biolojia wanaandika hivyo.

Mzee_wa_Biometria
Wanaandika, na mengine hayataki. Kwa siku nne za mwalo mmoja mimi naogopa neno "hukauka", linasema siku zote. "Walikauka" ningekubali. Aangalie mwongozo wa chuo chake, na kama uko kimya amuulize msimamizi.

Steshenari_Nyegezi
Jamani nimefuatilia yote. Dada, kapsheni ikiwa ndefu hivyo, ukitengeneza orodha ya vielelezo mwanzoni mwa tasnifu itajaa aya nzima nzima. Nimeona mtu orodha ina kurasa sita. Kwenye Word andika sentensi ya kwanza peke yake kwa staili ya Caption, bonyeza Ctrl+Alt+Enter, kisha andika sehemu inayobaki mbele yake na uipe staili nyingine tofauti na Caption. Orodha itachukua sentensi ya kwanza tu. Wa LaTeX wana njia yao:

```
\caption[Unyevu wa dagaa kwa njia mbili]{Unyevu wa dagaa
walioanikwa kwenye vichanja na mchangani ...}
```

Yaliyo kwenye mabano ya mraba ndiyo yanaenda kwenye orodha.

BintiKayenze
Kaka asante sana, hili nilikuwa sijalijua.

Nimechora upya, mistari minne kila upande. Kapsheni:

"Kielelezo 4.3. Unyevu wa dagaa walioanikwa kwenye vichanja (mistari mizima) na mchangani (mistari ya vidoti) katika mwalo mmoja wa Kayenze, Mwanza. Kila mstari ni siku moja ya kuanika, na kila nukta ni wastani wa konzi 5. Mhimili wa chini ni saa zilizopita tangu kuanikwa saa 3 asubuhi. Unyevu ni asilimia ya uzito mbichi (oveni, nyuzi 105). Mistari ya siku ya 4 inaishia saa ya 4 kwa sababu ya mvua."

Ile aya ya ukurasa wa 47 nimeifuta. Nakala ya mwaloni nitaongeza kwamba mstari ukiwa chini dagaa ni mkavu zaidi, na mhimili nitauandika saa 3 asubuhi, saa 5, saa 7, saa 9, saa 11.

MamaDagaa_Kirumba
Sasa hii naisoma peke yangu. Swali langu moja binti. Huo mstari wa mvua unaishia hewani. Sisi siku ya mvua ndiyo inayotuumiza, dagaa wanalala chini ya turubai, kesho yake unauza kwa bei ya chakula cha kuku. Mlipofunua asubuhi, wa kwenye vichanja na wa mchangani walikuwaje?

BintiKayenze
Mama, tuliwafunua, na nina daftari la siku hiyo, ila oveni sikuwasha. Niliandika harufu na rangi tu. Naenda kulitafuta.